Ukilinganisha na Gari Binafsi

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati reli ya abiria ya BART ilipokuwa ikijengwa kuunganisha San Francisco na miji ya ng'ambo ya ghuba, makadirio rasmi yalisema asilimia 15 ya watu wa eneo lile wangeipanda kwenda kazini. Daniel McFadden, mwanauchumi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, hakukubaliana nayo. Yeye na wenzake waliwahoji wasafiri kabla treni hazijaanza kazi: unakwendaje kazini, unasubiri kituoni kwa muda gani, unalipa kiasi gani, na kama ungetumia njia nyingine ingekugharimu nini? Wakapiga hesabu, wakapata asilimia 6.3. Treni zilipoanza na watu wakazizoea, idadi halisi ikawa asilimia 6.2. McFadden mwenyewe alikiri baadaye kwamba bahati nayo ilichangia, lakini mwaka 2000 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na James Heckman, na hesabu za aina ile zikawa kitendea kazi cha kila siku kwa wapangaji wa usafiri.

Leo zinafahamika kama regresheni ya lojistiki ya machaguo mengi. Kuziendesha ni rahisi, kwani kompyuta ndogo ya mezani inamaliza kazi kwa sekunde chache. Ugumu uko kwenye kusoma majibu. Ripoti ya namna hii huja na jedwali lenye safu ya treni, safu ya basi na safu ya ndege, halafu msomaji anashangaa: mbona gari binafsi halimo, ilhali watu waliolitumia walihojiwa? Limo. Ndilo lililogeuzwa sifuri, na kila namba kwenye jedwali imepimwa kutokea hapo.

Mfano mzuri wa kulionyesha hilo unatoka Australia. Kuna data za wasafiri 210 waliosafiri kati ya Sydney na Melbourne, ambazo mwanauchumi William Greene alizitia katika kitabu chake cha ekonometriki, na tangu hapo wanafunzi wa dunia nzima wamezichambua. Kila msafiri alikuwa na njia nne mbele yake. Waliopanda ndege walikuwa 58, treni 63, basi 30, na waliokwenda kwa gari 59.

Tuanze na hesabu ambayo hata kikokotoo cha simu kinaiweza. Tulifanye gari kuwa chaguo la rejea. Kwa kila watu 59 wa gari kuna 63 wa treni, basi tukigawa tunapata 1.07. Kwa basi tunagawa 30 kwa 59 na kupata 0.51, na kwa ndege 58 kwa 59, yaani 0.98. Regresheni haiziandiki namba hizi zilivyo. Huzigeuza kuwa logi asilia, ili uwiano unaozidi moja uwe chanya na unaopungua moja uwe hasi. Treni inapata 0.066, basi −0.676, ndege −0.017. Hivyo ndivyo vizigeu vya mwanzo kabisa, kabla hatujaingiza kipato, nauli wala muda wa kusubiri.

Sasa tubadilishe mawazo na kulifanya basi kuwa rejea. Wasafiri ni wale wale 210, hakuna aliyeshuka wala kupanda kingine. Lakini jedwali linageuka lote: gari linapata 0.676, treni 0.742, na ndege, ambayo dakika moja iliyopita ilikuwa hasi, sasa ina 0.659 chanya. Mtu aliyezoea kusoma alama ya kujumlisha kama "watu wanaipenda" na ya kutoa kama "watu hawaipendi" ataandika habari mbili zinazopingana kutoka kwenye data moja. Kinachobaki pale pale ni tofauti kati ya vyombo. Toa ndege kwenye treni katika jedwali la kwanza, utapata 0.083. Fanya hivyo kwenye la pili, utapata 0.083 ile ile. Ni kama urefu wa milima unaopimwa kutoka usawa wa bahari: ukiamua kuupimia kutoka ufukwe wa Ziwa Victoria, namba za milima yote zitashuka, lakini Kilimanjaro itabaki imeipita Meru kwa kiasi kile kile.

Kwa hiyo kila sentensi inayotafsiri kizigeu inapaswa kubeba maneno "ukilinganisha na" ndani yake. Ripoti inaposema kizigeu cha basi ni −0.676 na kunyamaza, haijasema kitu.

Ni nani basi anayechagua rejea? Mara nyingi, kusema kweli, hakuna mtu, programu inajichagulia. Stata, isipoambiwa, huchukua kundi lenye watu wengi zaidi. R kwa kawaida huchukua la kwanza kwa alfabeti, hivyo mtafiti aliyeandika data zake kwa Kiswahili atajikuta anapima kila kitu kutokea kwenye basi, eti kwa sababu jina lake linaanza na B. Makadirio ya mwisho hayatabadilika, lakini jedwali litakuwa gumu kusoma, na kama kundi lile ni dogo, makosa sanifu ya karibu kila safu yatakuwa makubwa, maana kila kitu kinalinganishwa na watu wachache. Afadhali rejea iwe chaguo ambalo wengi wanalitumia na ambalo msomaji analifahamu vizuri.

Tuongeze sasa yale yanayomsukuma msafiri. Greene alitumia mambo matatu: gharama ya jumla ya safari, dakika za kusubiri kituoni, na kipato cha familia kwa maelfu ya dola za Australia. Mawili ya kwanza ni ya chombo. Kila chombo kina gharama yake na muda wake wa kusubiri, basi yanatosha kupewa kizigeu kimoja kimoja kinachotumika kwa vyombo vyote: −0.0155 kwa kila dola ya gharama, na −0.0961 kwa kila dakika ya kusubiri. Hapa rejea haina la kusema. Dakika ni dakika, iwe ya uwanja wa ndege au ya stendi.

Kipato ni habari nyingine. Ni cha msafiri, na msafiri habadiliki kipato kwa kuangalia ndege badala ya basi. Ukikiingiza kwa uzito ule ule kwenye vyombo vyote vinne, kinajifuta chenyewe, kwa sababu kinawapandisha wote sawasawa na mshindani hapatikani. Ili kifanye kazi lazima kipewe uzito tofauti kwa vyombo tofauti, na angalau chombo kimoja kiwe na sifuri. Mtafiti anaweza kukipa kila chombo kisicho cha rejea kizigeu chake cha kipato. Greene alikwenda kwa njia ya mkato: alikipa ndege peke yake, kizigeu cha 0.0133, akaacha treni, basi na gari vyote vikiwa na sifuri. Namba za kuanzia zikatoka 5.2074 kwa ndege, 3.8690 kwa treni na 3.1632 kwa basi, gari likiwa rejea.

Namba ya 5.2 isimtishe mtu. Haina maana kwamba Waaustralia wanaihusudu ndege. Namba ya kuanzia husomwa pale ambapo mengine yote ni sifuri, yaani ndege isiyosubiriwa hata dakika moja, isiyo na gharama, na inayopandwa na mtu asiye na kipato. Safari hiyo haipo. Gari halina muda wa kusubiri kwa kuwa liko uani, ilhali ndege inaadhibiwa kwa karibu saa nzima ya kukaa uwanjani, na sehemu kubwa ya 5.2 ile inafidia adhabu hiyo tu.

Tumchukue msafiri mmoja wa kufikirika na kumpitisha kwenye mashine. Kipato cha familia yake ni dola 40,000. Ndege itamgharimu dola 100 na dakika 60 za kusubiri. Treni 130 na dakika 35. Basi 115 na dakika 40. Gari 95 bila kusubiri. Alama ya ndege inapatikana hivi: 5.2074, toa 1.5501 ya gharama, toa 5.7672 ya kusubiri, jumlisha 0.5316 ya kipato. Jibu ni −1.578. Kwa njia hiyo hiyo treni inapata −1.510, basi −2.464, na gari −1.473. Gari halikuanzia na namba yoyote, lakini lina alama, kwa kuwa nalo lina gharama zake. Kuwa rejea hakumaanishi kusahaulika.

Alama hizi zinapandishwa kwenye kipeo cha namba e, kisha kila moja inagawanywa kwa jumla ya zote nne. Mtu huyu anatoka na uwezekano wa asilimia 27.8 wa kupanda ndege, 29.8 treni, 11.5 basi na 30.9 gari.

Sasa mwongeze kipato hadi dola 60,000 na usiguse kitu kingine. Alama ya ndege peke yake inapanda, kwa 0.266. Uwezekano wa ndege unafika asilimia 33.5. Treni inashuka hadi 27.4, basi 10.6, gari 28.5. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Kizigeu cha kipato kwa treni kilikuwa sifuri, na msomaji wa haraka angesema kipato hakina uhusiano na treni. Mbona basi imepoteza zaidi ya asilimia mbili? Kwa sababu uwezekano wa vyombo vyote lazima ujumlishwe kuwa mia moja, na ndege imejinyakulia sehemu kubwa zaidi. Kizigeu cha sifuri kinatuambia jambo finyu kuliko hilo: kwamba uwiano wa treni na gari haukutikisika. Kabla ya nyongeza ulikuwa 0.96, na baada yake ni 0.96.

Twende mbele kidogo. Tuseme treni ingekuwa na kizigeu chake cha kipato, kidogo lakini chanya, 0.002, na msafiri wetu akaanzia pale pale alipoanzia. Akipanda kutoka 40,000 hadi 60,000, treni inaimarika ukilinganisha na gari. Hata hivyo uwezekano wa kupanda treni unashuka, kutoka asilimia 29.8 hadi 28.3, kwa sababu ndege inakimbia kwa kasi zaidi. Kizigeu chanya, uwezekano unaopungua, na hakuna aliyekosea hesabu. Anayeripoti kwamba "wenye kipato kikubwa huchagua treni zaidi" baada ya kuona alama ya kujumlisha ndiye aliyekosea. Ndiyo maana wachambuzi makini hawaishii kwenye jedwali la vizigeu. Huchagua msafiri wa mfano, au huwapitisha wasafiri wote mmoja mmoja, wakabadilisha kitu kimoja na kuandika uwezekano wa kabla na wa baada.

Anayetaka kusema jambo moja kwa moja kutoka kwenye kizigeu ana njia moja salama, nayo ni uwiano. Ongeza dola 10,000, zidisha 0.0133 kwa kumi, pandisha kwenye kipeo cha e: 1.14. Uwiano wa ndege kwa gari unaongezeka kwa asilimia 14. Si kwamba watu asilimia 14 zaidi watapanda ndege, na si kwamba uwezekano unaongezeka kwa pointi 14. Ni kwamba kwa kila mtu wa gari, watu wa ndege wanaotarajiwa wanazidishwa kwa 1.14.

Na hata sentensi hiyo inahitaji breki. Kosa sanifu la kizigeu kile cha kipato ni 0.0103. Ukigawa unapata 1.3, wakati kwa desturi hutafutwa kitu cha karibu 2 kabla ya kusema kuna uhusiano. Thamani ya kweli inaweza kuwa popote kati ya −0.007 na 0.033. Kwa maneno mengine, data hizi haziwezi kuapa kwamba kipato kinawapeleka watu uwanja wa ndege. Kusubiri, kwa upande wake, kuna uhakika wa kutosha: kosa lake sanifu ni 0.0104 tu mbele ya kizigeu cha 0.0961.

Kuna jambo lingine ndani ya data hizi ambalo halionekani kwenye jedwali hata ukilikodolea macho. Wale 210 hawakuchaguliwa kama walivyo barabarani. Kwenye safari halisi kati ya miji ile, gari lilikuwa likichukua karibu asilimia 64 ya wasafiri, ndege 14, treni 13 na basi 9. Watafiti wangeokota watu kiholela, wangepata rundo la wenye magari na wachache mno wa basi, kwa hiyo waliwatafuta kwa makusudi wasafiri wa vyombo visivyopandwa sana. Ni mbinu halali, inaokoa fedha. Lakini ina maana kwamba asilimia 27.8 ya msafiri wetu ni ya ndani ya sampuli, si ya barabarani.

Bahati njema, hesabu hii ina tabia moja ya kupendeza: kila chombo kikiwa na namba yake ya kuanzia, uchaguzi wa namna hiyo unaharibu namba za kuanzia peke yake na kuviacha vizigeu vingine salama. Marekebisho ni ya kugawa na kuzidisha. Uzito wa ndege unagawanywa kwa 27.6, asilimia yake ndani ya sampuli, na kuzidishwa kwa 14, asilimia yake barabarani. Vingine vivyo hivyo. Msafiri yule yule wa dola 40,000 sasa ana uwezekano wa asilimia 13 wa ndege, 12 wa treni, 7 wa basi na 67 wa gari. Mtu aliyejenga kiwanja kwa kutegemea namba ya kwanza angejenga maradufu ya kinachohitajika.

Limebaki udhaifu ambao hautibiwi kwa kubadilisha rejea wala kurekebisha namba za kuanzia. Tuliona kipato kilipopanda, uwiano wa treni na gari haukusogea. Hiyo si habari iliyogunduliwa Australia. Mfumo wenyewe uliilazimisha. Katika hesabu hii, uwiano wa vyombo viwili haujali kabisa kilichotokea kwa cha tatu. Kikija chombo kipya, kinachota kwa kila kilichokuwepo kwa kiwango kile kile. Wataalamu hulifafanua kwa basi jekundu: mtu anaposita kati ya gari na basi jekundu, nusu kwa nusu, kampuni ikaleta basi la buluu linalofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi, akili inasema gari libaki na nusu yake na mabasi yagawane nusu iliyobaki. Hesabu inasema theluthi, theluthi, theluthi.

Dalili ya ugonjwa huo hupimwa. Jerry Hausman na McFadden walichapisha kipimo chake mwaka 1984: ondoa chombo kimoja, piga hesabu upya kwa waliobaki, kisha linganisha vizigeu. Kama dhana ni ya kweli, havitabadilika sana. Greene aliiondoa ndege kwenye data za Australia. Kipimo kilitoa takriban 33, wakati kikomo cha kuvumilika kilikuwa 9.5. Dhana ikaanguka. Dawa aliyoitumia ni kuvipanga vyombo kwa matawi: ndege tawi lake, na treni, basi na gari katika tawi la nchi kavu, ili vya tawi moja viweze kunyang'anyana abiria zaidi kuliko vinavyomnyang'anya wa tawi jingine.

Afrika Mashariki ina njia inayofanana sana na ile ya Australia: Nairobi hadi Mombasa, ambako msafiri huchagua basi, gari, ndege au treni. Madaraka Express ilipozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, ilikuja kama chombo kipya katikati ya vilivyokuwepo. Tuweke namba za kufanyia hesabu tu: kabla ya treni hiyo, mabasi 60 kwa mia, magari 30, ndege 10. Treni ikichukua 40, hesabu isiyo na matawi itampunguzia kila mmoja asilimia 40 ya chake. Mabasi yatabaki na 36, magari 18, ndege 6. Lakini anayepanda treni ya daraja la kawaida mara nyingi ndiye yule yule aliyekuwa akikata tiketi ya basi la usiku, huku mwenye tiketi ya ndege akiwa na haraka ambayo treni ya saa tano haiitulizi. Ikiwa 33 kati ya wale 40 wanatoka kwenye mabasi, 6 kwenye magari na 1 kwenye ndege, mabasi yanabaki na 27, magari 24 na ndege 9. Abiria wa treni ni wale wale 40 katika hesabu zote mbili, lakini mwenye kampuni ya mabasi aliyepanga ratiba yake kwa 36 atakuwa na robo ya viti ambavyo havina mtu.